Kilomita 46 za mteremkoni: gari la umeme linarudisha nini hasa linapopunguza mwendo

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 50. Kila wiki napita mlima mrefu: kutoka kileleni hadi chini ni kilomita 12, na kimo kinashuka mita kama 600. Juu dashibodi ilisoma asilimia 60 na kilomita 150. Nilipofika chini ikasoma asilimia 63 na kilomita 196. Je, breki zimenitengenezea kilomita 46? Kama ndivyo, niweke gia ya B, ile inayolivuta gari zaidi ukiachia eksileta, muda wote na nishike breki mara nyingi zaidi? Rafiki yangu anasema mteremkoni niweke N ndipo nitaokoa betri. Halafu kuna siku nilianza kushuka betri ikiwa asilimia 100, nikaachia eksileta, gari halikupunguza mwendo kama nilivyozoea. Niliogopa sana. Kuna kitu kimeharibika?"*

Ndugu yangu, nikutoe hofu kwanza: ile siku ya asilimia 100 hakuna kilichoharibika. Gari lilikuwa linailinda betri. Lakini ulivyoogopa ulikuwa na haki, na nitalirudia jambo hilo kwa kirefu kwa sababu ndilo lenye hatari kuliko yote uliyouliza. Tuanze na hizo kilomita 46.

Namba mbili ulizoziona kwenye dashibodi hazina uzito sawa. Asilimia inatokana na umeme wenyewe: kompyuta ya betri inafuatilia kiasi kinachoingia na kinachotoka. Kilomita ni makadirio. Gari linachukua umeme uliobaki, linaugawa kwa ulaji wake wa siku za karibuni na wa muda mfupi uliopita, kisha linakuandikia jibu. Kileleni lilikuwa limetoka kupanda, kwa hiyo lilijiona kama gari linalokula wati-saa 200 kwa kila kilomita. Asilimia 60 ya betri yako ni kilowati-saa 30. Gawanya kwa ulaji huo, unapata 150. Ulipofika chini ulikuwa na kilowati-saa 31.5, na baada ya kilomita 12 za kurudisha umeme badala ya kula, wastani ulikuwa umeshuka hadi wati-saa 160 hivi. Gawanya tena, inakuja 196.

Kwa hiyo kilichoingia kwenye betri ni asilimia 3, yaani kilowati-saa 1.5. Kwa ulaji wa wati-saa 160 kwa kilomita, huo ni umeme wa kilomita 9 na ushei. Kilomita 37 zilizobaki hazikutengenezwa na chochote. Ni gari limebadilisha mawazo kuhusu barabara iliyo mbele yako. Ukikutana na mlima mwingine litabadilisha tena, na zitayeyuka haraka kama zilivyokuja. Ukitaka kujua breki zimekupa nini, soma asilimia na uachane na kilomita.

Hata hivyo, hizo 9 usizidharau. Umetembea kilomita 12 bila kugusa akiba, ukafika chini na akiba kubwa kuliko uliyoondoka nayo. Gari la petroli kwenye mteremko huohuo halirudishi hata tone moja kwenye tangi.

Sasa umeme huo unatoka wapi. Ndani ya mota kuna sehemu mbili: stata, ambayo ni koili za waya wa shaba zilizotulia, na rota inayozunguka katikati yake, ambayo katika magari mengi ya umeme imebeba sumaku za kudumu. Kati ya mota na betri kuna inveta, yaani swichi za kielektroniki zinazofunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde. Ukikanyaga eksileta, inveta inachukua umeme wa betri na kuugawa kwenye koili kwa zamu, hivi kwamba uga wa sumaku unazunguka ndani ya stata ukiwa umeitangulia rota kidogo. Rota inaufukuza uga huo bila kuufikia, na magurudumu yanazunguka pamoja nayo.

Ukiachia eksileta, magurudumu hayasimami. Uzito wa gari lililo kwenye mwendo ndio unaoizungusha rota sasa. Sumaku zikipita mbele ya koili za shaba zinazalisha umeme ndani ya koili hizo, na inveta inabadilisha mpangilio wake wa zamu: uga uliokuwa umetangulia mbele ya rota sasa unabaki nyuma yake, unaivuta irudi. Mota imegeuka jenereta bila kifaa chochote kuongezwa. Ni mota ileile, inveta ileile na nyaya zilezile, ila umeme unatembea kuelekea betri.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani breki ni kazi moja, na kuzalisha umeme ni kazi nyingine inayofanyika pembeni. Ni tendo moja. Umeme unaotoka kwenye koili unajenga uga wake wa sumaku, na uga huo daima unapinga mwendo uliouzalisha. Ndiyo kanuni aliyoieleza mwanafizikia Heinrich Lenz mwaka 1834. Ile nguvu unayoisikia ikikusukuma mbele kwenye mkanda unapoachia eksileta ndiyo bei ya umeme unaoingia. Huwezi kupata umeme bila gari kuvutwa nyuma, na ukitaka umeme zaidi lazima uvutwe zaidi. Kwa sababu hiyo hakuna namna ya kuchaji huku ukienda kwenye tambarare na ukabaki na faida: nguvu ya kuizungusha rota ingebidi itoke kwenye betri ileile.

Turudi mlimani kwako tuone hesabu inavyokwenda. Nichukulie gari lako pamoja nawe lina kilo 1,600, na unashuka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila kubadilika. Kilo 1,600 zikishuka mita 600 zinaachia nishati ya kilowati-saa 2.6. Hiyo ndiyo hazina yote ya mlima. Hakuna ufundi utakaokupa zaidi. Kabla ya mota kupata chochote, barabara na hewa zinachukua fungu lao. Matairi yanayojikunja kila yanapozunguka na hewa inayosukumwa na bodi vinakula kama kilowati-saa 0.9 katika kilomita hizo 12. Inabaki 1.7 kwenye magurudumu, na hiyo ndiyo inayokwenda kuizungusha rota. Njiani kutoka gurudumu hadi ndani ya seli za betri, sehemu inageuka joto kwenye gia, koili, inveta na kwenye betri yenyewe. Kinachobaki ni kilowati-saa 1.5 hivi, yaani zile asilimia 3 ulizoziona. Dashibodi yako haikukudanganya kwenye asilimia.

Sasa tizama safari nzima, kupanda na kushuka. Ulipopanda, magurudumu yalihitaji 2.6 za kuinua uzito na 0.9 za barabara na hewa, jumla 3.5. Ili zifike magurudumuni, betri ilitoa kama 4.0, kwa kuwa wakati wa kutoka pia kuna kinachopotea. Ukishuka umerudishiwa 1.5. Kwenda na kurudi, kilomita 24, umetumia 2.5. Kama barabara hiyo ingekuwa tambarare, kwa mwendo huohuo ungetumia karibu 2.0. Na kama gari lako lisingekuwa na uwezo wa kurudisha nishati, ungetumia 4.0 zote.

Ukizilinganisha hizo namba tatu utaona jambo lenyewe. Mlima ulitaka kukutoza kilowati-saa 2.0 juu ya gharama ya tambarare. Mota kwa kugeuka jenereta imeipunguza tozo hiyo hadi 0.5. Haikuifuta, na haiwezi kuifuta, kwa sababu umeme unaorudi umelipia njia mara mbili: mara moja unapoingia kwenye betri, mara nyingine unapotoka kuja kusukuma gari tena. Katika zile 1.7 zilizokuwepo magurudumuni, zitakazokuja kulisukuma gari tena ni kama 1.3, yaani robo tatu. Ndiyo maana nasema kurudisha nishati kunaongeza umbali kwa kupunguza hasara. Hakuna nishati mpya inayozaliwa.

Kuna gari moja ambalo kweli linashuka na faida, na sababu yake inathibitisha hesabu hii. Karibu na mji wa Biel, Uswisi, kuna lori la umeme la machimbo lenye uzito wa tani 45 likiwa tupu. Linapanda tupu, linapakia tani 65 za mawe juu mlimani, kisha linashuka nazo. Linashuka likiwa na uzito zaidi ya mara mbili ya lile lililopanda, kwa hiyo umeme unaorudi unaweza kupita ule uliotumika kupanda. Nishati ya ziada ilikuwa ndani ya yale mawe, kwa kuwa yalikuwa juu tayari. Wewe unapanda na kushuka na uzito uleule, hivyo faida hiyo huna.

Umeuliza kama ushike breki mara nyingi zaidi. Hapana, na sababu tunaiona vizuri tukiacha mlima tukaenda kwenye barabara ya mjini. Gari lako likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa lina nishati mwendo ya wati-saa 43. Kulifikisha kwenye mwendo huo kutoka kusimama, betri inatoa karibu 50. Ukilisimamisha taratibu kwa mota, zinarudi kama 30. Kila kusimama na kuondoka tena kunakugharimu wati-saa 20 hivi, hata ukiwa mtaalamu wa kuachia eksileta. Ukiona taa nyekundu mbele ukaachia mapema, gari likajiviringisha taratibu na taa ikawaka kijani kabla hujasimama, umezihifadhi hizo 20. Kubreki ambako hukukuhitaji hakuna mota inayoweza kukulipa kwake.

Lakini kusimama ambako huna budi nako, hapo ndipo faida yako ilipo. Wati-saa 30 ni umbali wa mita 200 hivi, zinaonekana kidogo. Sasa hesabu vituo. Ukisimama mara moja kila kilomita, ulaji ambao ungekuwa kama wati-saa 140 kwa kilomita unashuka hadi 110 hivi. Kwa betri yako ya kilowati-saa 50, hiyo ni tofauti kati ya kilomita 360 na 450. Ni nyongeza ya robo nzima, na imetoka kwenye nishati ambayo ingeishia kuwa joto kwenye diski za breki.

Kwenye barabara kuu mambo yanabadilika. Kwa kilomita 100 kwa saa gari lako linakula karibu wati-saa 150 kwa kilomita, na sehemu kubwa inakwenda kusukuma hewa. Hewa iliyokwisha kusukumwa hairudishi kitu. Ukienda kilomita 20 kisha ukasimama, umetumia kilowati-saa 3 na unarudishiwa wati-saa kama 110, haifiki hata asilimia 4. Hii ndiyo sababu magari ya umeme huenda mbali zaidi mjini kuliko kwenye barabara kuu, kinyume na alivyozoea mtu wa petroli. Ukiwa barabara kuu na unataka kuongeza umbali, punguza mwendo. B haitakusaidia sana huko.

Kuhusu B yenyewe. Herufi hiyo inaiambia inveta iivute rota kwa nguvu zaidi pale tu unapoachia eksileta. Haibadilishi kiasi cha nishati kilichopo kwenye gari. Kama inakupa faida au la, inategemea pedali yako ya breki imeundwa vipi. Katika magari mengi ya sasa, ukiikanyaga breki kidogo kompyuta inaitumia mota kwanza, na diski zinaitwa pale tu mota inapozidiwa. Kwenye gari la namna hiyo, kushika breki kwa ulaini na kuachia eksileta ukiwa kwenye B kunarudisha karibu kiasi kilekile. Katika baadhi ya magari, hasa ya zamani kidogo, pedali inapeleka nguvu kwenye diski tangu unapoigusa, na hapo kweli B inakuokolea umeme.

Kujua la kwako ni la aina gani si kazi. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, weka kiwango hafifu kabisa cha kurudisha nishati, nenda kilomita 50 kwa saa, kisha achia eksileta na uangalie kipimo cha nguvu kwenye dashibodi. Kitaingia kidogo upande wa kuchaji. Sasa gusa breki kwa wepesi. Kama mshale au mstari unazidi kuzama upande wa kuchaji kadiri unavyokanyaga, pedali yako inaitumia mota kwanza. Kama unabaki palepale ilhali gari linapungua, diski ndizo zinazofanya kazi, na B itakuwa rafiki yako.

Vyovyote iwavyo, ulaini ndio unaoamua. Kulisimamisha gari lako kutoka kilomita 50 kwa sekunde 7 kunahitaji mota ipokee kilowati 44 mwanzoni, kiasi ambacho magari mengi yanakimudu. Ukilisimamisha kwa sekunde mbili na nusu, nguvu inaruka hadi zaidi ya 120. Betri na mota ya gari dogo mara nyingi haviwezi kupokea kiasi hicho kwa mkupuo, kwa hiyo diski zinachukua kilichozidi na kinageuka joto. Anayeshika breki ghafla anapoteza nishati hata kama gari lake lina mfumo bora kuliko yote. Bila shaka mtoto akikatiza barabara mbele yako, kanyaga kwa nguvu zako zote. Wati-saa si za kufikiriwa hapo.

Mimi ningekushauri B mjini na kwenye mteremko mrefu, na kiwango hafifu kwenye barabara kuu. Kwenye barabara kuu mguu ukitetereka kidogo juu ya eksileta, B inafanya gari lisukume na kuvuta, lisukume na kuvuta, na kila mzunguko unalipia njia mara mbili kama tulivyoona. Kuliacha gari liserereke ni bora kuliko kuichaji betri kisha kuitumia tena. Mvua ikinyesha pia punguza, maana nguvu ya mota inavuta magurudumu ya mbele tu au ya nyuma tu, kutegemea mota iko wapi, na barabara yenye utelezi haipendi mvuto mkali wa upande mmoja. Kuhusu walio nyuma yako usiwe na wasiwasi: kanuni za Umoja wa Mataifa za breki za magari madogo zinataka taa za breki ziwake mota ikipunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde kwa kila sekunde, hata kama mguu haujagusa breki.

Ushauri wa rafiki yako wa kuweka N uukatae kabisa. Ukiwa N inveta inaacha kuiongoza mota, hakuna umeme unaorudi, na diski zinabaki peke yao na mlima wote. Kwenye mteremko wako, kwa kilomita 60 kwa saa, zingelazimika kumeza kilowati 8 hadi 9 mfululizo kwa dakika 12. Ni sawa na pasi saba za umeme kuwaka kwa pamoja kwenye magurudumu manne. Pedi zikipata moto kupita kiasi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka pedali inakuwa laini na kuzama. Huokoi betri hata kidogo, unazikosa zile asilimia 3, na unahatarisha maisha.

Sasa ile siku ya asilimia 100. Betri ya lithiamu inahifadhi umeme kwa kuziingiza chembe za lithiamu ndani ya tabaka za grafaiti. Inapokaribia kujaa, nafasi zinapungua na chembe zinaingia kwa taabu. Ukizilazimisha kwa nguvu, zinaganda juu ya grafaiti kama metali badala ya kuingia ndani. Uharibifu huo haurudi nyuma: uwezo wa betri unapungua, na ukizidi unaweza kuleta shoti ndani ya seli. Kompyuta inalijua hilo, hivyo betri ikiwa imejaa inaikataza inveta kurudisha umeme, au inaruhusu kidogo tu. Jambo hilohilo hutokea betri ikiwa baridi sana, kwa kuwa chembe zinatembea polepole. Katika magari mengi utaona alama yake kwenye kipimo cha nguvu: upande wa kuchaji unakuwa na vidoti, au rangi ya kijivu, au mstari unaoonyesha umefungwa.

Baadhi ya magari yanaziba pengo hilo kwa kuziita diski yenyewe, dereva asisikie tofauti. La kwako inaonekana halifanyi hivyo. Ndipo palipo na hatari: mguu umezoea kwamba kuachia eksileta kunatosha, kumbe siku hiyo hakutoshi. Breki za diski zilikuwepo na nguvu zake zote, zilikuwa zinasubiri ukanyage. Jizoeze kuupeleka mguu juu ya pedali ya breki mapema kila unapoanza kushuka, na angalia kipimo cha nguvu kabla ya kona ya kwanza.

Dawa ya kudumu ni kutoanza mteremko huo ukiwa umejaza. Unachohitaji ni nafasi ya asilimia 3, lakini usiweke kikomo kwenye 97, kwa sababu gari linaanza kubana upokeaji kabla ya kufika kileleni mwa betri. Weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80, au 90 kama safari ni ndefu. Ikitokea siku umejaza na huna budi kushuka, anza kwa mwendo mdogo tangu juu. Kanyaga breki kwa uthabiti kwa muda mfupi, mwendo upungue vya kutosha, kisha achia diski zipoe, halafu rudia. Usiishikilie kidogokidogo njia nzima, maana hapo hazipati nafasi ya kupoa. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inakuwa laini, simama pembeni mahali salama usubiri.

Na kama ulikuwa unajiuliza iwapo kuingiza umeme kila mteremko kunaichosha betri, siku za kawaida hapana. Kilowati 8 au 9 ni karibu na nguvu ya chaja nyingi za nyumbani, na ni sehemu ndogo sana ya kile betri inachopokea kwenye chaja ya haraka.

Kuna mambo mawili yanayowashtua madereva na huenda nawe ukakutana nayo. La kwanza: unapunguza mwendo kwa mota, gurudumu linapita kwenye shimo au tuta, na ghafla unahisi kama gari limeruka mbele. Gurudumu limepoteza mshiko kwa kitambo, na kompyuta imekata mvuto wa mota ili lisijifunge. Kwa kawaida breki hurejea mara moja; wewe kanyaga tu pedali. La pili: kwa kuwa diski zinafanya kazi kidogo, zinashika kutu. Mkwaruzo unaosikika asubuhi kwenye breki za kwanza mbili tatu na kisha kutoweka si tatizo. Ila kila baada ya siku chache, barabara ikiwa tupu, shika breki kwa nguvu mara kadhaa ili pedi ziifute kutu hiyo. Katika magari mengi ukishika kwa nguvu diski zinaingia zenyewe.

Kwa fundi nenda kama mkwaruzo hauishi, kama gari linavuta upande mmoja unaposhika breki, kama gurudumu moja linatoa joto kali kuliko mengine baada ya safari, au kama taa ya onyo ya breki au ya mfumo wa umeme imewaka. Nenda pia kama gari linakataa kurudisha umeme betri ikiwa kwenye asilimia 50 na hali ya hewa ni ya joto, kwa sababu hapo huna kisingizio cha kujaa wala cha baridi. Inaweza kuwa ni kihisio cha joto, ni seli iliyodhoofika, au ni inveta. Kabla hujaenda, andika asilimia ya betri, hali ya joto ya nje na mwendo uliokuwa nao udhaifu ulipojitokeza, kwani bila hayo fundi atalijaribu gari likiwa zima na kukurudishia. Na awe fundi aliyefunzwa magari ya umeme: nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti zina volti mamia kadhaa, na fundi wa breki za kawaida, hata awe hodari kiasi gani, asizifungue.